Kosa Haliko Katika Kalamu ya Karani

Katika vituo vingi vya afya kuna desturi iliyozoeleka. Jalada la mgonjwa likikosekana kabatini, au mtoto akiandikiwa dawa bila ya uzito wake kujulikana, mganga mfawidhi huitisha mkutano. Karani wa mapokezi hukemewa mbele ya wenzake, naye huahidi kuwa mwangalifu zaidi. Kwa wiki mbili tatu mambo huonekana kuwa mema. Kisha makosa yale yale hurudi, na mkutano mwingine huitishwa.

Wengine, wakichoshwa na mikutano hiyo, huweka tumaini lao katika kompyuta. Nayo ikifika bila ya utaratibu wa kazi kubadilishwa, mtoto aliyekuwa na majalada mawili kabatini huwa na majalada mawili ndani ya mashine, na tofauti pekee ni kwamba sasa hayapotei.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lawama na mashine zote mbili hutangulia swali ambalo halijaulizwa: kosa ni nini hasa, linatokea mara ngapi, na ni kitu gani katika mpangilio wa kazi kinachomfanya mtu mwenye akili timamu alirudie kila siku? Njia ya kuuliza swali hilo kwa mpango ipo. Inajulikana kwa herufi tano, DMAIC, na hatua zake kwa Kiswahili ni kufafanua, kupima, kuchanganua, kuboresha na kudhibiti. Ilitoka viwandani. Mizizi yake inafika mwaka 1924, wakati Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa katika kiwanda cha vyombo vya simu, alipochora chati ya kwanza ya kutenganisha mtikisiko wa kawaida wa kazi na hitilafu yenye sababu yake maalumu. Mwaka 1986 mhandisi Bill Smith wa kampuni ya Motorola alianzisha utaratibu ulioitwa Sigma Sita, na kuanzia 1995 kampuni ya General Electric iliueneza sana.

Shabaha mashuhuri ya Sigma Sita ni makosa 3.4 katika nafasi milioni moja. Kituo cha afya chenye majalada elfu chache hakina haja ya shabaha hiyo, wala hakina namna ya kuipima. Kinachokifaa ni mpangilio wa hatua zenyewe, na hasa ile subira ya kutokimbilia hatua ya nne kabla ya kumaliza ya pili.

Ili jambo hili lieleweke, na ichukuliwe mfano wa kituo cha afya cha wilayani chenye majalada 3,000 ya watoto walio chini ya miaka 5. Kituo hiki ni cha kubuni na hesabu zake ni za mfano, lakini hali zake atazitambua yeyote aliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi.

Kufafanua

Mradi ukianza na kauli kwamba "kumbukumbu zetu ni mbovu", hauna mwisho, kwa kuwa kauli hiyo haisemi ni kumbukumbu zipi, mbovu kwa namna gani, wala ni nani anayeumia. Katika kituo hiki wahusika waliandika ukurasa mmoja tu. Walichagua majalada ya watoto wanaoletwa wakiwa wagonjwa. Walitaja mwanzo wa safari ya jalada, yaani mzazi anapofika mezani, na mwisho wake, jalada linaporudi kabatini. Walitaja pia mambo sita yatakayokaguliwa katika hudhurio la mwisho la kila mtoto: utambulisho, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya hudhurio, uzito, ugonjwa uliotajwa, na dawa iliyotolewa.

Ukurasa huo ulieleza pia kwa nini uzito umo. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa vidonge 2, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtoto wa miaka 4 mwenye kilo 13 tu, ambaye uzito wake haukuandikwa, atakadiriwa kwa umri na kupewa vidonge 2 mahali pa kimoja. Utambulisho nao umo kwa sababu mtoto mwenye majalada mawili ana historia mbili nusunusu. Ikiwa aliwahi kuvimba uso baada ya sindano ya penisilini, habari hiyo imo katika jalada moja, na siku ya hatari tabibu anaweza kuletewa lile jingine.

Kupima

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili heshima zaidi. Watu hudhani kuhesabu makosa ni kazi rahisi: fungua jalada, tazama, andika. Lakini tarehe ya kuzaliwa ikiandikwa "mwaka jana wakati wa mavuno", je, hilo ni kosa? Uzito ukiandikwa "kilo 10 hivi"? Jina likiwa Rehema katika jalada na Lehema katika kadi ya mtoto?

Kabla ya kuhesabu chochote, muuguzi na karani wa kituo hiki walipewa majalada 50 yale yale, kila mmoja akayakagua peke yake, na kwa kila jalada akasema kama ni zima au lina kosa. Kila mmoja aliona majalada 20 yenye kosa. Kwa mtazamo wa haraka walikubaliana kabisa. Kumbe majalada yenye kosa waliyokubaliana wote wawili yalikuwa 15 tu, na mazima waliyokubaliana yalikuwa 25. Katika majalada 10 kila mmoja alisema lake.

Makubaliano ya majalada 40 kati ya 50 ni asilimia 80, nayo yaonekana kuwa mazuri. Lakini hata watu wawili wanaobahatisha hukubaliana mara kwa mara. Ikiwa kila mmoja husema "kosa" mara 40 katika 100, kwa bahati tupu watakubaliana mara 52 katika 100. Kwa hiyo yafaa kuuliza: katika ile nafasi ya asilimia 48 iliyobaki juu ya bahati, wamepata kiasi gani? Wamepata 28. Uwiano wa 28 kwa 48 ni 0.58. Kipimo hicho huitwa kapa, na 0.58 ni mizani inayotikisika. Maboresho yatakayopimwa kwa mizani ya namna hiyo hayatajulikana kama ni maboresho au ni mabadiliko ya mtu aliyehesabu.

Dawa yake ilikuwa kukaa chini na kuandika maana ya kila kosa, jalada kwa jalada, kwa yale 10 waliyotofautiana. Iliamuliwa kwamba tarehe ya kuzaliwa isiyo na mwezi na mwaka ni kosa. Kwamba uzito usio na nambari baada ya nukta ni kosa, kwa sababu mizani ya kuning'iniza ina alama za kila gramu 100. Na kwamba tofauti ya herufi moja katika jina si kosa iwapo namba ya jalada na jina la mama vinalingana. Majalada mengine 50 yalipokaguliwa, walitofautiana katika 3 tu, na kapa ikafika 0.87. Hapo ndipo kuhesabu kulipoanza.

Majalada 200 yalichaguliwa, si yale yaliyo juu ya rafu, kwani hayo ni ya watoto wanaokuja mara nyingi, bali kila la 15 tangu mwanzo wa kabati hadi mwisho. Kwa kila moja, wakaguzi walitafuta pia kama mtoto huyo ana jalada jingine. Makosa yalikuwa 168, na majalada yenye angalau kosa moja yalikuwa 94, yaani asilimia 47.

Hapa pana mtego ambao hata wataalamu wa viwandani hunaswa nao. Mambo sita katika majalada 200 ni nafasi 1,200 za kukosea, na makosa 168 ni asilimia 14 ya nafasi hizo. Mtu akitaka hesabu ipendeze, ataongeza mambo mengine sita ambayo karibu kila mara huandikwa sawasawa, kama vile jinsia ya mtoto. Asilimia itashuka hadi karibu 7 bila ya hata mtoto mmoja kunufaika. Ni salama zaidi kuhesabu majalada yenye kosa, kwa kuwa mgonjwa huja na jalada moja, haji na nafasi milioni.

Kuchanganua

Makosa 168 yalipopangwa kwa aina, uzito ulikosekana mara 71, utambulisho ulikuwa na kasoro mara 46, ugonjwa ulitofautiana na ulioandikwa katika Kitabu namba 5 cha MTUHA mara 28, tarehe zilikuwa mbaya mara 15, na dawa mara 8. Aina mbili za kwanza peke yake ni makosa 117, yaani asilimia 70 ya yote. Mradi ulibaki na hizo mbili, na nyingine zikawekwa kando bila ya majuto.

Juu ya uzito, maelezo ya kwanza yaliyotolewa na kila mtu yalikuwa uvivu. Basi mahudhurio yakagawanywa kwa siku. Kati ya mahudhurio 84 ya Jumatatu na Alhamisi, uzito ulikosekana mara 51, yaani asilimia 61. Kati ya mahudhurio 116 ya siku nyingine, ulikosekana mara 20 tu, asilimia 17. Uvivu haufuati kalenda. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za kliniki ya watoto wazima, wanaoletwa kupimwa ukuaji na kuchanjwa. Na mizani ya pekee ya kituo huwa imening'inizwa katika chumba cha kliniki, na mama thelathini kwenye foleni. Mama mwenye mtoto mwenye homa hawezi kukatiza foleni ile, na tabibu hawezi kumngoja. Uzito haukusahauliwa. Haukupatikana.

Juu ya utambulisho, mtu mmoja alikaa kando ya meza ya mapokezi akiwa na saa. Kutafuta jalada la zamani, pale namba inapokuwa haijulikani, kulichukua kama dakika 6. Kufungua jalada jipya kulichukua dakika 2. Karani mwenye foleni ya watu arobaini, anayekemewa kwa kuchelewesha watu na asiyekemewa kwa kufungua jalada la pili, atachagua nini? Tena majalada yalipangwa kwa jina la kwanza la mtoto. Jina hilo Jumanne husemwa na mama, na Ijumaa husemwa na bibi anayemwita mjukuu wake kwa jina la babu. Mohamed huandikwa Muhamadi na karani wa asubuhi, na Mohamedi na wa jioni. Zuhura huhama kutoka kifurushi hadi kifurushi kwa kukosa irabu moja.

Katika kisa hiki chote hakuna mzembe. Karani alifanya kile ambacho mpangilio wa kazi ulimlipa akifanye. Kumkemea ni kumwomba afanye kazi kinyume cha masilahi yake mwenyewe, kila siku, bila ya ujira, na mtu akiombwa hivyo huweza kwa wiki tatu tu.

Kuboresha

Sababu zikiisha kujulikana, tiba huwa ndogo kuliko ilivyohofiwa. Mizani ya pili ilining'inizwa ukumbini, hatua tatu kutoka meza ya mapokezi, na jalada halikupelekwa kwa tabibu mpaka liwe limepita hapo. Majalada yalipangwa upya kwa namba, na namba hiyo ikaandikwa kwa wino juu ya jalada la kadi ya ukuaji ambayo mama huitunza nyumbani. Kwa anayesahau kadi, lilifunguliwa daftari la kutafutia, lililopangwa kwa kitongoji na, ndani ya kitongoji, kwa jina la mama. Kulitafuta jalada sasa kulichukua dakika 1 na nusu, yaani muda mfupi kuliko wa kufungua jipya. Njia sahihi ilikuwa imefanywa kuwa njia nyepesi.

Mpango huo ulijaribiwa kwanza kwa wiki mbili kwa watoto wa vitongoji viwili tu. Jaribio liliibua jambo ambalo mezani hakuna aliyelifikiria: watoto wanaolelewa na bibi au shangazi, ambao mama zao wamefariki au wako mbali, na ambao mleta mtoto humtaja mlezi badala ya mama. Daftari likaongezwa safu ya jina la mlezi. Kama mpango ungetangazwa kwa kituo kizima siku ya kwanza, watoto hao ndio wangepewa majalada mawili mapya.

Baada ya miezi miwili majalada mengine 200 yalikaguliwa kwa maana zile zile zilizoandikwa. Yenye kosa yalikuwa 38, asilimia 19. Je, si bahati ya sampuli? Kwa sampuli mbili za ukubwa huo, mtikisiko wa kawaida wa tofauti baina yake ni kama asilimia 4.7. Tofauti iliyopatikana ni 28, karibu mara sita ya mtikisiko huo. Bahati haifiki huko.

Kudhibiti

Miradi mingi hufia hapa, na hufa kimya kimya. Ripoti huandikwa, wageni hupigwa picha, na baada ya mwaka mizani ya ukumbini imehamishiwa ghalani. Wizara ya Afya ya Tanzania, katika kuwafundisha watumishi wa hospitali utaratibu uliotoka Japani, iliupa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Neno gumu kuliko yote ni la mwisho.

Kushikilia hakuna maana ya kukagua majalada 3,000 kila mwezi. Kila Ijumaa muuguzi wa kituo hiki huchukua majalada 40 ya wiki hiyo kwa kuruka hesabu sawa, huhesabu yenye kosa, na kutia nukta katika chati iliyobandikwa ukutani. Chati ina mstari wa kati katika 7.6, ambao ni asilimia 19 ya 40. Juu yake una mstari wa mpaka. Mpaka huo hupatikana kwa kuzidisha 40 kwa 0.19 na kwa 0.81, kutafuta kipeuo cha pili, ambacho ni 2.48, kuzidisha kwa 3, na kujumlisha na 7.6. Jawabu ni kama 15. Kwa hiyo majalada 11 yenye kosa katika wiki moja na 5 katika wiki inayofuata ni mtikisiko wa kawaida. Hayastahili kemeo wala sifa. Majalada 16 ni habari, na nukta nane mfululizo juu ya mstari wa kati nazo ni habari.

Faida kubwa ya chati hiyo ni kumzuia mkubwa asiingilie pasipo sababu. Mganga mfawidhi anayekemea kwenye 11 na kusifu kwenye 5 atajifunza uongo: ataona kwamba kemeo hufuatiwa na nafuu na sifa hufuatiwa na kuharibika, hali ni wiki za kawaida zinazorudi kwenye wastani wake. Basi chini ya chati huandikwa cha kufanya nukta ikivuka mpaka, na ni nani wa kukifanya: kwanza itazamwe mizani, pili daftari la kutafutia, tatu aulizwe kama kuna mtumishi mpya ambaye hakufundishwa. Wiki ya kumi na nne nukta ilipanda hadi 17. Springi ya mizani ya ukumbini ilikuwa imechoka, nayo ilikuwa imepelekwa wilayani kutengenezwa. Iliazimwa nyingine, na wiki iliyofuata nukta ilishuka. Karani hakuitwa mkutanoni.

Bado liko tatizo moja ambalo chati haiwezi kuliona yenyewe. Watu wakijua kwamba uzito usioandikwa huhesabiwa kuwa kosa, siku ya shida watauandika bila ya kupima. Jalada litaonekana zima kuliko zamani, na mtoto atakuwa katika hatari kubwa kuliko zamani, kwa kuwa nafasi tupu humwonya tabibu na nambari ya uongo haimwonyi. Ipo njia nyepesi ya kuligundua hilo. Uzito uliosomwa kwa mizani yenye alama za gramu 100 huishia kwa tarakimu zote kumi kwa kadiri isiyopishana sana: 9.3, 11.7, 8.4. Uzito uliobuniwa hupenda 0 na 5. Kila baada ya miezi mitatu yafaa ziorodheshwe tarakimu za mwisho za uzito wa watoto 100. Zinazoishia na 0 zikiwa kama 10, mizani inatumika. Zikiwa 40, kalamu ndiyo inayopima.

Zikifika 40, mfawidhi atashawishika tena kuitisha mkutano wa kukemea. Lakini tarakimu hizo zinamwambia jambo jingine: kwamba mizani imeharibika, au foleni imekuwa ndefu mno, au mtu amefanya uandishi wa nambari kuwa mwepesi kuliko kupima. Akaanzie huko. Na daftari la maana za makosa, lililoandikwa na muuguzi na karani siku ile walipotofautiana, na libaki juu ya meza ya mapokezi, ili mtumishi atakayekuja miaka mitatu ijayo ahesabu kitu kile kile walichokihesabu wao.